Mtoto awe kofia au awe Mario?

Katika michezo mingi ya video ya wachezaji wawili, wote hukimbia kwenye skrini moja. Mzazi akiwahi kubonyeza, mtoto wa miaka sita huachwa nyuma au hutumbukia shimoni, na punde anaweka padi chini.

Super Mario Odyssey, uliotoka mwaka 2017 kwa ajili ya Nintendo Switch, umegawa kazi kwa namna nyingine. Mmoja anakuwa Mario, wa pili anakuwa Cappy, kofia yake inayoruka. Cappy hafi, na kamera humfuata Mario, hivyo kofia ikichelewa hakuna kinachoharibika. Mwanzoni mpe mtoto kofia: wewe unaruka mashimo, yeye anapiga maadui na kuokota sarafu.

Akishazoea, badilishaneni na uwashe Assist Mode. Mario ataanza na mioyo sita badala ya mitatu, mishale itamwonyesha njia, na akianguka atarudishwa juu ndani ya povu. Sasa wewe, kofia, subiri mtoto ajaribu kwanza ndipo umpige adui. Ukiona Mario amesimama tu huku kofia ikifagia uwanja mzima, ujue umemnyang'anya mchezo.