Askari, Raia na Kipimo cha Madhara Vitani

Vijana wanaojiunga na Jeshi la Ulinzi la Kenya hufundishwa uaskari katika Kambi ya Moi, Eldoret. Mikataba ya Geneva ya mwaka 1949 yataka askari wafundishwe pia sheria za vita, na mwanzo wa sheria hizo ni kujua nani apigwe na nani asipigwe.

Katika Oktoba, 2011, jeshi hilo liliingia Somalia kupigana na Al-Shabaab. Tarehe 30 ya mwezi huo ndege zake za vita zilishambulia mji wa Jilib. Shirika la Madaktari Wasio na Mipaka lilieleza kwamba kambi ya watu waliohama makwao ilipigwa, watu kadhaa wakafa, na zaidi ya 40 wakajeruhiwa, wengi wao watoto. Jeshi lilisema kwamba lilipiga gari la Al-Shabaab lenye silaha, nalo likakimbilia kambini likiwaka moto, likalipuka humo.

Kanuni ya kwanza ni kutenganisha. Mpiganaji na gari lake la silaha waweza kupigwa. Mama apikaye hemani na mtoto wake hawawezi kulengwa kamwe. Mpiganaji akijificha kambini avunja sheria, lakini kosa lake haliwaondolei wenye kambi ulinzi wao.

Kanuni ya pili ni ya kipimo. Hata shabaha ikiwa halali, kamanda hana budi kupima mambo mawili kabla ya kupiga: faida ya kivita anayoitazamia, na madhara yatakayowafika raia. Madhara yakizidi faida hiyo, shambulio limekatazwa. Tuseme gari moja liko barabarani, mbali na watu: kulipiga ni halali. Gari lilo hilo likisimama katikati ya mahema yaliyojaa jamaa, kulilipua kwaweza kuwa kosa.

Kwa hiyo yafuata kanuni ya tatu, nayo ni kuchukua hadhari. Kamanda apaswa kuhakikisha shabaha yake, kuchagua silaha na saa isiyodhuru wengi, na kuahirisha pigo iwezekanapo, mpaka gari litoke penye watu.

Watu wengi hudhani kwamba kosa hujulikana kwa kuhesabu maiti. Sivyo. Vifo vichache vyaweza kuwa uhalifu ikiwa raia walilengwa, na vingi vyaweza kutokea pasipo kosa ikiwa kamanda hakuwa na njia ya kujua. Katika habari ya Jilib, maswali ya kuulizwa ni haya: Je, gari lilikuwa wapi lilipopigwa? Je, rubani na makamanda wake walijua kwamba kambi ilikuwa karibu? Je, pigo lingaliweza kungojewa? Majibu ya maswali hayo ndiyo yatenganishayo msiba wa vita na uvunjaji wa sheria.