Mizani ya Mionzi Nayo Ina Jiwe Lake

Mkulima wa Fukushima, Japani, aliyepeleka mchele wake kupimwa baada ya ajali ya kinu cha nyuklia ya Machi 2011 hakutaka kuambiwa kwamba mashine imehesabu mara nne kwa sekunde. Alitaka kujua kama mchele wake unauzika. Tangu Aprili 2012, mpaka uliowekwa Japani kwa chakula cha kawaida ni bekereli 100 za sesiamu kwa kilo moja. Bekereli moja ni kiini kimoja cha atomi kinachovunjika kila sekunde. Mashine haioni viini hivyo. Inachohesabu ni miale michache iliyopata njia ya kuifikia na kuacha alama ndani yake. Viini mia vikivunjika kwenye mchele, huenda mashine ikapata habari za viwili au vitatu tu. Swali ni hili: utajuaje kama ni viwili au ni vitatu?

Jibu lake mwenye duka analijua. Mkaguzi wa vipimo akiingia dukani hababaishwi na mizani inayong'aa. Anatoa jiwe lake la kilo moja, analiweka juu ya mizani, anasoma. Mizani ikisema gramu 950, mkaguzi amekwisha kujua kasoro iko wapi na ni ya kiasi gani. Kwa mionzi, jiwe hilo ni chanzo kinachojulikana: kidonge kidogo cha plastiki, kipana kama sarafu, chenye sesiamu ndani yake, kinachouzwa pamoja na cheti.

Tuchukue mfano. Cheti kinasema kidonge kilikuwa na bekereli 37,000 tarehe 1 Machi 2015. Sisi tunakitumia tarehe 1 Machi 2025, na jiwe hili, tofauti na la dukani, huyeyuka lenyewe. Sesiamu 137 hupungua hadi nusu kila baada ya miaka 30 hivi, kwa hiyo baada ya miaka 10 imebaki asilimia 79 na ushei, yaani bekereli 29,400. Anayesahau tarehe ya cheti ameanza kazi na kosa la asilimia 20, na hakuna kitu chochote kwenye skrini kitakachomshtua. Tena, si kila kiini kinachovunjika kinatoa mwale tunaoutafuta. Katika kila mia, ni 85 tu vinavyotoa mwale wa gama wenye nguvu ya kiloelektronivolti 662, ule ambao kwa mpimaji ni kama saini ya sesiamu. Kidonge chetu basi kinatoa miale 25,000 ya aina hiyo kila sekunde.

Kihisi chetu ni fuwele ya iodidi ya sodiamu, mviringo kama mkebe wa maziwa, yenye upana wa sentimita 7.6 na kimo hicho hicho. Tunaweka kidonge sentimita 10 mbele ya uso wake, tunahesabu kwa dakika 10, na kwenye eneo la saini ya sesiamu tunapata hesabu 133,800. Tunakiondoa kidonge, tunahesabu tena dakika 10 bila kitu, tunapata 1,800. Hizo za pili zinatoka kwenye kuta, ardhini, angani, hata mwilini mwa mpimaji, na hazina budi kutolewa. Zinabaki 132,000, sawa na 220 kwa sekunde.

Miale 25,000 imetoka, 220 imehesabiwa. Nyingine zimekwenda wapi?

Washa kibatari katikati ya chumba chenye giza, kisha shika sahani mbele yake. Mwanga wa kibatari unakwenda juu darini, chini sakafuni, na pande zote. Sahani inakinga kipande kidogo tu. Ukiisogeza karibu inakinga zaidi, ingawa moto ni ule ule. Kwa fuwele yetu, ikiwa sentimita 10 kutoka kwenye kidonge, hesabu ya jiometri inatoa miale mitatu na kidogo katika kila mia. Kwa hiyo miale 815 hivi ndiyo inayofika usoni mwa fuwele kila sekunde. Iliyobaki haikuelekea huko kabisa. Na katika hiyo 815, mingine hupenya fuwele ikatokea upande wa pili bila kugusa chochote, mingine huacha sehemu tu ya nguvu yake na kutoroka na iliyobaki. Ile inayoacha nguvu yake yote ndiyo inayoingia kwenye saini, nayo ni 220.

Kwa hiyo kuna hasara mbili zilizofuatana: ya mahali kihisi kilipo, na ya kihisi chenyewe. Ukigawa 220 kwa bekereli 29,400 unapata asilimia 0.75. Hiyo ndiyo inayoitwa ufanisi, na wengi hudhani ni sifa ya mashine, kama nguvu ya injini ya gari. Sivyo. Ni sifa ya mashine pamoja na kile kilichowekwa mbele yake, kwa umbo lake na kwa umbali wake. Sogeza kidonge kiwe sentimita 5, na fuwele inakinga miale 10 katika kila mia, mara tatu ya mwanzo. Kigusishe kabisa na uso wake, na hata hapo inayouelekea uso haivuki nusu, kwa sababu nusu nyingine imekwisha kwenda nyuma. Kosa dogo nalo lina uzito wake: kidonge kikikaa sentimita 10 na nusu badala ya 10, kinachokingwa kinapungua kwa karibu asilimia 8. Ndiyo maana mpimaji makini hashiki kidonge mkononi wala hakiweki kwa kukisia. Kina kibao chake chenye kijishimo, na kibao kina mahali pake pa kuchomekwa, leo na kesho pale pale.

Sasa tuje kwenye mchele. Mchele si kidonge. Una punje zilizo karibu na fuwele na zilizo mbali, za juu na za pembeni, kila moja na umbali wake. Ili usipotee mbali, unatiwa katika chombo cha Marinelli, ndoo ndogo ya plastiki ya lita moja ambayo kitako chake kimebonyezwa ndani kikafanya shimo. Kihisi kinaingia kwenye shimo hilo kama kichwa kinavyoingia kwenye kofia, na mchele unakizunguka pande zote hadi juu.

Tumetia mchele, lita moja, uzito gramu 800. Eneo la saini linaonyesha hesabu 3.9 kwa sekunde, na bila sesiamu ni 3.0. Tofauti ni 0.9. Mpimaji mwenye haraka anachukua ufanisi wake wa kidonge, 0.75 kwa mia, anagawa, anapata bekereli 120. Kwa gramu 800, hiyo ni bekereli 150 kwa kilo. Mchele umevuka mpaka wa 100, na mkulima anarudi nyumbani na hasara.

Mwenzake anafanya jambo moja zaidi kwanza. Anachukua chombo kama kile kile, anatia maji hadi mstari ule ule, na ndani ya maji hayo pamechanganywa sawasawa sesiamu ya bekereli 1,000 yenye cheti. Anapata hesabu 25 kwa sekunde, yaani ufanisi wa asilimia 2.5. Hakuhitaji kukokotoa pembe ya kila tone. Maji yamekaa kila mahali ambapo mchele utakaa, na wastani umejitengeneza wenyewe. Akigawa 0.9 kwa ufanisi huo anapata bekereli 36, ambazo ni 45 kwa kilo. Ni mchele ule ule na mashine ile ile, ila huu umefaulu, na ndilo jibu sahihi. La kwanza lilikosea zaidi ya mara tatu kwa sababu jiwe la mizani lilikuwa na umbo lisilofanana na mzigo.

Hata jibu hili lina masharti. Chombo kijazwe hadi mstari, kwa sababu kikijaa nusu wastani wa umbali umebadilika. Uzito wa kitu kwa ujazo wake pia una kazi: maji huzuia miale yake yenyewe kidogo kuliko mchanga, na mchele huzuia kidogo kuliko maji. Kwa mwale wa sesiamu, tofauti ya mchele na maji ni asilimia chache tu. Kwa mchanga mzito tofauti inakua, na kwa miale dhaifu, kama ule wa ameriki 241, inaweza kuharibu jibu lote.

Halafu kuna mtego ninaouona mbaya kuliko yote, kwa sababu unajificha kwenye hesabu ya msingi. Chombo kilichojaa kinakikinga kihisi na mionzi ya mazingira. Ukipima msingi bila chombo, utaondoa kiasi kikubwa kuliko kilichopo kweli wakati mchele umewekwa, na mchele wenye sesiamu kidogo utaonekana hauna kitu, au hesabu itashuka chini ya sifuri. Hesabu ya chini ya sifuri inayojirudia ndiyo dalili yake. Dawa ni kupima msingi ukiwa na chombo kilichojaa maji safi.

Muda nao haufupishwi. Ile 0.9 ikipimwa kwa dakika moja, hesabu ni 234 na msingi ni 180. Bahati ya mionzi peke yake inaweza kuichezesha tofauti hiyo ya 54 kwa 20 juu au chini. Kwa saa nzima, mchezo huo unashuka hadi asilimia 5. Jibu la dakika moja kwa sampuli dhaifu kama hii lisiandikwe kwenye cheti.

Na kila asubuhi kidonge kirudishwe kwenye kibao chake kwa dakika moja. Hesabu ikae karibu na 13,400, pungufu au zaidi ya hapo kwa mia mbili na kitu. Ikija 12,800, kazi isimame. Mara nyingi ni joto la chumba: fuwele na umeme wake hubadilika kwa joto, saini inahama kutoka 662, na dirisha la kuhesabia linabaki pale pale likikosa sehemu yake. Angalia kwenye skrini kilele kimekaa wapi kabla ya kulaumu kitu kingine.

Wajapani walilifikisha jambo hili mahali pake. Mwaka 2012 taasisi yao ya taifa ya vipimo ilitoa kiwango cha rejea kilichotengenezwa kwa mchele wa kahawia wenye sesiamu inayojulikana. Jiwe la kupimia mchele likawa mchele. Mwaka huo huo Fukushima ilianza kupima kila gunia la kilo 30, zaidi ya milioni 10 kwa mavuno ya mwaka mmoja, na yaliyovuka mpaka yalikuwa 71. Kuanzia mavuno ya 2015 halikupatikana hata moja.

Kwa hiyo ukiletewa karatasi inayosema chakula chako kina bekereli kadhaa, uliza mashine ilihakikiwa kwa chanzo gani, chenye umbo gani, na cheti chake ni cha tarehe ipi. Na ikiwa mtu amesogeza tu kihesabio cha mkononi juu ya gunia na kukusomea namba ya skrini, hajakuambia bado kuna bekereli ngapi ndani.