Antena Nne za Nini?

Daladala imesimama kwenye taa nyekundu na taarifa ya habari ya saa mbili inaanza kukoroma. Konda anaipiga redio kibao. Taa zinaruhusu, gari linasogea hatua mbili tatu, na mtangazaji anarudi na sauti yake safi. Konda atajisifu kwamba kibao ndicho kilichotibu, lakini redio haikuwa na ugonjwa wowote: antena ilikuwa imesimama shimoni.

Shimo hilo halionekani kwa macho, ila linapimika. Stesheni ya FM inayorusha kwa megahezi 100 hutoa mawimbi yenye urefu wa mita 3 kila moja. Hayafiki garini kwa njia moja. Mengine yanatoka mnarani moja kwa moja, mengine yamegonga ghorofa kwanza, mengine ubavu wa lori lililo jirani. Kila njia ina urefu wake, kwa hiyo kila wimbi linafika na wakati wake. Vilele vikikutana na vilele, sauti inapata nguvu. Kilele cha wimbi moja kikikutana na bonde la jingine, mawimbi hayo yanafutana. Sehemu za kufutana huachana kwa takriban nusu ya urefu wa wimbi, yaani mita moja na nusu hivi, ndiyo maana hatua mbili tatu zilitosha.

Ndani ya nyumba mambo ni yaleyale, ila kwa kipimo kidogo zaidi. Waifai ya gigahezi 2.4 ina mawimbi ya sentimita 12.5, kwa hiyo mashimo yake yanapishana kwa sentimita sita hivi. Simu ikisukumwa mezani upana wa vidole vitatu, inaweza kutoka mahali pazuri ikaingia shimoni.

Hata kabla ya kufika kwenye mashimo, wimbi limeshachoka. Tuchukue ruta ya sebuleni inayorusha miliwati 100. Mawimbi yanatawanyika kila upande, na penye uwazi kila umbali unapoongezeka mara mbili nguvu inayopokelewa inabaki robo. Kwenye mita moja, simu inaambulia sehemu moja tu katika 10,000. Kwenye mita 10, ni sehemu moja katika milioni. Weka na kuta mbili za tofali za saruji, tuseme kila moja inaacha sehemu ya kumi tu ipite, na chumbani kinachofika ni sehemu moja katika milioni mia. Programu ya kupima mtandao itaandika `-60 dBm`, maana yake sehemu moja katika milioni ya miliwati. Kwenye kipimo hicho kila kushuka kwa 10 ni nguvu kupungua mara kumi. Hiyo -60, usishangae, ni hali nzuri kabisa. Kelele za umeme wa simu yenyewe pamoja na ruta za majirani huwa huko chini, karibu na -90, kwa hiyo ujumbe bado una nguvu mara elfu kuliko kelele.

Mtu angedhani dawa ya kupata kasi zaidi ni kuongeza nguvu. Mwaka 1948 Claude Shannon, mwanahisabati wa Maabara za Bell nchini Marekani, alionyesha kwamba dawa hiyo ni ghali. Ujumbe ukizidi kelele mara elfu, kila hezi moja ya masafa inaweza kubeba takriban biti 10 kwa sekunde, si zaidi. Zidisha nguvu ya ruta mara mbili, utapata biti 11. Yaani nguvu imeongezeka kwa asilimia 100, kasi kwa asilimia 10.

Sasa chukua nguvu ileile uigawe kwa antena mbili, kila moja ikirusha ujumbe wake tofauti. Kila ujumbe una nusu ya nguvu, kwa hiyo unabeba biti 9. Jumla ni 18. Masafa hayajaongezeka wala umeme haujaongezeka, na kasi imekaribia kuwa maradufu.

Swali ni moja: antena mbili zikisema kwa pamoja kwenye masafa yaleyale, simu itatenganishaje? Jibu ni hesabu ya sekondari. Antena ya kwanza ya ruta inatuma A, ya pili inatuma B. Antena ya kwanza ya simu inapokea mchanganyiko, tuseme 3A + B, nao unasomeka 9. Antena ya pili, iliyo sentimita kadhaa pembeni, imepokea mchanganyiko mwingine, A + 2B, unaosomeka 8. Milinganyo miwili, visivyojulikana viwili: A ni 2, B ni 3. Zile namba za mbele, 3 na 1, 1 na 2, simu huzijua kwa sababu kila pakiti ya data huanza na alama ambazo pande zote mbili zinazifahamu tangu mwanzo. Mtu akipita sebuleni namba hizo zinabadilika, na simu inazipima upya.

Lakini tuseme antena ya pili ingepokea 6A + 2B, inayosomeka 18. Huo ni mlinganyo wa kwanza uliozidishwa mara mbili. Haufundishi jipya, na A na B hazitengani kamwe. Hali inayokaribia hiyo hutokea uwanjani palipo wazi, ambako wimbi linakuja kwa njia moja iliyonyooka na antena zote za simu zinasikia karibu kitu kilekile. Kinachofanya milinganyo itofautiane ni kuta, kabati la chuma, dari na bati, yaani vilevile vinavyochimba mashimo. Wahandisi walikuwa wamepigana na mwangwi huo kwa miongo mingi, na hapa ghafla ukawa mtaji.

Wazo hilo lilikomaa miaka ya 1990. Arogyaswami Paulraj, aliyewahi kuwa ofisa wa jeshi la majini la India, alipata hataza yake mwaka 1994 pamoja na Thomas Kailath wa Chuo Kikuu cha Stanford. Gerard Foschini wa Bell alichapisha nadharia yake mwaka 1996, na mwaka 1998 wenzake wakaonyesha mtambo wa maabara wenye antena 8 za kurusha na 12 za kupokea, uliobeba zaidi ya biti 20 kwa kila hezi. Mwaka 2009 kiwango cha `802.11n` kiliuingiza mpango huo rasmi kwenye ruta za majumbani.

Minara ya simu hukaa mahali pa wazi zaidi, kwa hiyo ina ujanja wake. Ndani ya zile paneli ndefu zinazoning'inia juu kuna antena zilizolazwa kwa nyuzi 45, nusu zikiinamia kulia na nusu kushoto. Mawimbi yao hutikisika kwa mielekeo tofauti, na hiyo inatosha kutenganisha mikondo miwili hata pasipo kuta za kuakisi.

Mnunuzi wa ruta asihesabu antena tu. Simu nyingi zina antena mbili za waifai, kwa hiyo ruta ya antena nne haitaipa simu moja mikondo minne. Wakati mwingine mbili ni za gigahezi 2.4 na mbili za gigahezi 5. Antena za ziada zina faida nyingine: kama antena moja ina nafasi moja kati ya kumi ya kuwa shimoni, mbili zilizoachana vya kutosha zitakuwa shimoni kwa pamoja mara moja kati ya mia.

Kujua kama mikondo miwili inafanya kazi ni rahisi kwenye ruta ya `802.11n` inayotumia chaneli ya megahezi 20. Fungua maelezo ya waifai kwenye simu, utazame kasi ya muunganisho. Mkondo mmoja hauvuki megabiti 72 kwa sekunde, miwili hufika 144. Nenda nayo hadi nyuma ya nyumba, karibu na banda la kuku: ujumbe unapokaribia kelele, kugawa nguvu hakulipi tena, na ruta nyingi huacha mkondo wa pili zikatumia antena zote kusukuma ujumbe mmoja.