Kuteremka Kutoka Winguni: Ankara ya Dola, Wateja wa Shilingi

Istilahi "wingu" hupotosha kidogo. Data haielei angani. Imo ndani ya seva za kampuni nyingine, katika jengo ambalo mpangaji wake halijui, naye hulipa kodi kila mwezi. Makala haya yanafafanua kwa nini baadhi ya kampuni huirudisha data hiyo kwenye seva zao zenyewe, hasa zinapowahudumia wakazi wa mitaa kama Kibera na Kawangware jijini Nairobi.

Katika mitaa hiyo, ambako kampuni kama Poa Internet zimefikisha intaneti ya bei nafuu, mteja hulipa kwa shilingi. Ankara ya wingu aghalabu huja kwa dola. Chukua mfano wa kampuni ya kubuni inayowauzia wanafunzi wa huko video za masomo kutoka seva zilizokodiwa Ulaya. Kuingiza video winguni ni bure. Kinacholipiwa, mbali na kodi yenyewe, ni kila gigabaiti inayotoka, na video ileile ikitazamwa mara elfu hulipiwa mara elfu. Amazon imekuwa ikitoza takriban senti 9 za dola kwa gigabaiti. Wanafunzi wakitazama gigabaiti 10,000 kwa mwezi, ada hiyo peke yake ni dola 900. Mwanzoni mwa 2020, dola ilipokuwa karibu shilingi 100, hizo zilikuwa shilingi 90,000. Januari 2024 dola ilikaribia shilingi 160, na ada ikawa 144,000, ilhali hakuna mwanafunzi hata mmoja aliyeongezeka. Mzazi wa Kibera hawezi kupandishiwa bei kila dola inapopanda.

Seva ikiwa Nairobi, nayo imeunganishwa na KIXP, kituo ambamo mitandao ya Kenya hubadilishana data bila kuipitisha ng'ambo, video hutoka mjini ikaishia Kawangware. Ada ya kila gigabaiti hutoweka. Hubaki gharama ya kiungo, ambayo hujulikana mapema.

Kisa mashuhuri zaidi cha urejeshaji huu ni cha 37signals ya Marekani. Mwaka 2022 ililipia wingu takriban dola milioni 3.2. Ilinunua seva za dola 700,000 hivi, ikazihamishia programu zake mwaka 2023, na kufikia 2024 ankara ya mwaka ilikuwa imeshuka hadi milioni 1.3. Lakini kampuni hiyo tayari ilikuwa na nafasi ya kukodi katika kituo cha data na mafundi wenye uzoefu, jambo ambalo wanaoisifu husahau kulitaja.

Kampuni changa ya Nairobi haina hayo. Lazima inunue seva mbili, maana moja huharibika. Diski za akiba. Betri za kuhimili umeme unapokatika. Na imlipe fundi wa kuamshwa usiku. Tena, ikiwa watazamaji hufurika wiki za mitihani tu, seva zake zitakaa bure miezi mingine, na hapo kukodi ni nafuu. Ndiyo maana wengi huhamisha video pekee, wakaacha nakala za akiba winguni: hizo huingia bure na hutoka kwa nadra.