Nyota Inapohesabu Isichoulizwa

Mwalimu wa darasa ana alama za wanafunzi wanane katika Excel, kuanzia seli B2 hadi B9: 67, 54*, 71?, 48, X, 80*, seli tupu, na 62*. Nyota ni ya aliyerudia mtihani, alama ya kuuliza ni ya karatasi inayosubiri kuhakikiwa, na X ni ya asiyehudhuria. Anataka kujua waliorudia ni wangapi, basi anaandika:

```
=COUNTIF(B2:B9,"*")
```

Jibu ni 5. Waliorudia ni watatu tu.

Ndani ya COUNTIF, nyota husimama badala ya maandishi yoyote, marefu au mafupi. Kwa hiyo fomula imehesabu kila seli yenye maandishi: zile tatu za nyota, 71? na X. Zile 67 na 48 zimeachwa kwa kuwa ni namba halisi, na seli tupu haina kitu.

Alama ya kuuliza ina hila zaidi, maana yenyewe husimama badala ya herufi moja tu. Ukiweka "?" hapa utapata 1, na karatasi inayosubiri kweli ni moja. Lakini seli iliyohesabiwa ni ile ya X! Jibu limeangukia kwenye ukweli kwa bahati, na kosa la namna hiyo ni gumu kuligundua.

Dawa yake ni kiwimbi, ~, ambacho huiambia Excel iichukue alama inayofuata kama ilivyo:

```
=COUNTIF(B2:B9,"*~**")
=COUNTIF(B2:B9,"*~?*")
```

Ya kwanza inatoa 3, ya pili 1. Katika ile ya kwanza, nyota ya mwanzo ni chochote kinachotangulia, ~* ni nyota yenyewe, na ya mwisho ni chochote kinachofuata, hata kama hakuna kitu. Ukiandika "~*" peke yake utapata 0, kwani unauliza seli zenye nyota tupu bila kingine. Ukiiacha ile ya mwisho, utapata zile tu zinazoishia na nyota. Mtu akigusa kitufe cha nafasi baada ya 62*, seli hiyo haitahesabiwa, na kwa macho huoni tofauti. Kiwimbi chenyewe kikiwa ndicho unachokitafuta, andika viwili: "*~~*".

Hata hivyo, kuhesabu vizuri hakutibu jedwali zima. Kwa kuwa 54* ni maandishi, AVERAGE huiruka. Wastani wa safu hii utatoka 57.5, yaani wastani wa 67 na 48 pekee. Mwalimu, weka alama katika safu moja na nyota katika safu ya pembeni.