Oda Zimejaa, Tafadhali Usitume Pesa

Video fupi ya keki ikimwagiwa chokoleti inaweza kumletea mwokaji wa nyumbani pale Tabata wateja kuliko aliowapata mwezi mzima. Simu inaita mpaka usiku, advansi zinaingia kabla hajajibu mtu. Wengi hapo hunogewa na kumjibu kila anayeuliza, "Tupo, mpenzi, karibu." Jumamosi ndiyo huja kuwaumbua.

Kabla ya kujibu, piga hesabu ya kazi. Oveni si kikwazo sana, maana keki mbili huiva kwa dakika 45 hivi. Kinachokwamisha ni upambaji: keki isipopoa vizuri krimu huyeyuka na kuteleza, na kuipamba moja kunaweza kula saa moja na nusu. Anayepamba peke yake kwa saa 8 anamaliza keki 5, kama umeme haujakatika. Basi auze 4.

Tuseme watu 6 wameshalipia Jumamosi. Jambo la kwanza ni kuziba mlango wa pesa: ondoa namba ya malipo kwenye posti na uandike mstari wa juu kabisa kwamba oda za wiki zimejaa. Usiifute posti, inaendelea kukutangaza. Kisha panga waliolipa kwa saa iliyoandikwa kwenye ujumbe wa muamala. Wawili wa mwisho wapigie simu siku hiyohiyo. Habari kama hii kwa meseji husomeka kama dharau. Wape Jumapili, au pesa yao yote pamoja na makato ya kutuma. Mwenye sherehe ya Jumamosi hawezi kusogeza tarehe, lakini huenda mmoja kati ya wale wanne wa kwanza anataka keki ya chai tu na atakubali kubadilishana. Muulize, usimlazimishe.

Waliobaki watumie ujumbe mmoja, unaoweza kuuweka kwenye WhatsApp Business ujijibu wenyewe:

"Habari, asante kwa kutupenda. Oda za wiki hii zimejaa. Tunafungua tena Jumatatu saa 3 asubuhi. Tafadhali usitume pesa kwa sasa. Ukitaka kukumbushwa, andika jina, tarehe na saizi ya keki. Kuwa kwenye orodha bado si oda."

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo huokoa ugomvi. Ukimwambia mtu "subiri kidogo," yeye anasikia "umepata," na Ijumaa atauliza keki imefikia wapi. Ukiona maswali ya namna hiyo kutoka kwa watu wasiolipa, ujue maneno yako hayakueleweka. Rekebisha ujumbe mapema.

Orodha nayo iwe na kikomo: isizidi keki unazoweza kutengeneza wiki inayofuata. Kama unataka kupandisha bei, ianze na oda za Jumatatu, na aliyekwisha kutajiwa bei ya zamani alipe ileile. Jumatatu saa 3 ikifika, fungua kweli, hata kama umechoka.