Kutafuta Picha Pasipo na Folda

Memori kadi ya kamera ikifomatiwa kwa haraka, kinachofutwa ni orodha ya majina na jedwali linalosema kila faili inakaa wapi. Picha zenyewe hubaki pale pale mpaka nyingine zije kuandikwa juu yake. Tatizo ni kwamba hakuna tena kinachoonyesha ipi inaanzia wapi.

PhotoRec, programu ya bure ya Christophe Grenier, haihitaji jedwali hilo. Huisoma kadi toka mwanzo hadi mwisho ikitafuta alama. Kila picha ya JPEG huanza na baiti tatu zile zile, `ff d8 ff`. Alama hiyo yaweza kujitokeza kwa bahati katikati ya faili nyingine, lakini kadi hugawanywa katika vipande vilivyo sawa, mathalani vya KB 32, na faili huanzia mwanzoni mwa kipande. Hapo ndipo pa kuchungulia.

Mwisho wa picha ni `ff d9`, na hapa programu duni hunaswa. Karibu na mwanzo wa faili, kamera huweka picha ndogo ya kuonyeshea, nayo ni JPEG kamili yenye mwanzo na mwisho wake. Ukikata kwenye `ff d9` ya kwanza, unaambulia faili isiyofunguka au kipicha kidogo mno. Programu makini husoma urefu ulioandikwa mwanzoni mwa kila sehemu, ikairuka sehemu hiyo pamoja na kipicha chake.

Tuseme picha ina MB 5, yaani vipande 160. Kwenye kadi iliyokuwa tupu, vyote hufuatana na kazi ni nyepesi. Lakini kama mwenyewe alikuwa akifuta picha moja moja, kamera hujaza mapengo: vipande 100 huku, 60 kule. Programu ikisonga mbele moja kwa moja, itameza data ya faili nyingine. Utaitambua picha hiyo mara moja: bibi harusi yuko sawa hadi kiunoni, chini yake ni mistari ya rangi au kijivu kitupu. Mwaka 2007 Simson Garfinkel alieleza njia ya kuunganisha faili iliyokatika sehemu mbili, kwa kujaribu mapengo mpaka picha isomeke. Iliyotawanyika zaidi ya hapo ni kibarua kigumu.

Majina hayarudi. Utakuta kitu kama `f0204800.jpg`, na namba hiyo ni ya sekta ilipoanzia. Kila sekta ikiwa na baiti 512, picha hiyo ilikaa MB 100 kutoka mwanzo wa sehemu iliyosomwa. Tarehe na saa, zikiwa zimeandikwa ndani ya picha yenyewe, husaidia kuzipanga upya.

Zihifadhi kwenye diski nyingine, kamwe si kwenye kadi ile ile, maana utazifunika zilizosalia. Na usitarajie hayo kwenye hifadhi ya ndani ya simu za kisasa: data humo imefumbwa kwa ufunguo, na `ff d8 ff` haionekani popote.